Gundi ya zulia iliyong'ang'ania sakafuni: kuitoa bila kuiumiza niru

Chumba chenyewe kipo Shangani, Mtwara mjini. Upana wake ni mita 3.5 na urefu mita 4. Kilijengwa kama sebule, kikageuzwa ofisi miaka ile mji ulipojaa wageni wa gesi, na sasa mwenye nyumba, mama mmoja mshonaji, anataka kuweka cherehani zake humo. Ofisi ile iliacha sakafuni vipande 56 vya zulia, vile vya mraba vya sentimita 50 kwa 50. Mama alivibandua mwenyewe kwa siku moja, akisaidiwa na mjukuu wake. Kesho yake akanipigia simu.

"Fundi, zulia nimelitoa, lakini kila nikipita ndala zangu zinabaki nyuma."

Nilikwenda jioni. Chini ya uchafu ule kulikuwa na niru nyekundu ya zamani, iliyopigwa vizuri na mtu anayejua kazi. Juu yake katikati ya chumba kulikuwa na utando mwembamba wa gundi ya manjano, na hapa na pale mabaka meusi ya mgongo wa zulia, yenye nyuzi nyeupe nyembamba kama za bandeji. Karibu na mlango wa nyuma hali ilikuwa nyingine kabisa. Pale gundi ilikuwa laini kama ulimbo. Ukiigusa kwa kidole na kuinua mkono, ilivutika uzi mrefu, na ilikuwa na harufu kali. Nikamuuliza mama vipande vya upande ule vilitokaje. Akasema, "Vile hata havikunisumbua, mwanangu. Nilivinyanyua kwa vidole tu."

Kauli hiyo niliiweka akilini hadi mwisho wa kazi, nanyi iwekeni. Zulia linalonyanyuka kwa vidole huku gundi ikiwa imelainika lina habari za kilichomo chini ya sakafu. Nitarudi hapo.

Ijue gundi kabla ya kushika skrepa

Watu wengi huanza kwa kukwangua. Wanakwangua saa nzima, mkono unauma, wamesafisha sehemu ya ukubwa wa sinia, na niru imejaa michirizi. Sababu ni kwamba kila gundi ina kinachoilainisha, na skrepa ni ya kukusanya kilichokwisha kulainika.

Chagua sehemu tatu: katikati ya chumba, karibu na mlango, na kando ya ukuta wa nje. Katika kila sehemu weka kitambaa kidogo kilicholowa maji ya moto yenye sabuni ya unga, kifunike kwa kipande cha nailoni, usubiri dakika 20. Halafu inua na usugue kwa ukucha au kwa kijiko.

Ikiwa gundi imegeuka nyeupe kama maziwa na inakusanyika kama ugali mlaini, hiyo ni gundi ya maji. Ndiyo inayotumika zaidi kwa zulia la vipande na kwa vigae vingi vya plastiki vya siku hizi. Furahi, maana utaimaliza kwa maji, sabuni na subira.

Ikiwa maji hayajaifanya kitu, chukua kitambaa kingine, kitie tapentaini kidogo, ukiweke dakika tano juu ya doa la ukubwa wa kiganja. Gundi ikivimba na kutoka kwa vijiviringo vinavyovutika kama mpira, hiyo ni jamii ya gundi ya viatu, ile ya manjano inayopakwa pande zote mbili kabla ya kubandika. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia kama chai ya rangi, hiyo ni lami. Na kama haikubali maji wala tapentaini, ila inapasuka vipande vidogo vikavu kama ukoko wa wali, ni gundi kongwe iliyokwisha kukauka. Hiyo hutoka kwa kulowanisha na kukwangua taratibu, bila dawa yoyote.

Fanya jaribio sehemu zote tatu hata kama ya kwanza imekupa jibu. Nimewahi kukuta chumba kimoja chenye gundi mbili, kwa sababu aliyefunika sakafu aliishiwa na ndoo ya kwanza akamalizia na kitu kingine.

Pale Shangani majibu yalikuwa ya maji kote. Mabaka meusi yalinitia shaka mwanzoni, lakini nilipoyainua kwa ncha ya kisu yalitoka kama ngozi, na chini yake gundi ilikuwa ya manjano. Weusi ule ulikuwa wa mgongo wa zulia tu. Tofauti hiyo ni muhimu sana, na nitaeleza kwa nini.

Ukikuta weusi ulioshikana na saruji yenyewe

Mtwara na Lindi tuna majengo ya zamani. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, ikakamilika mwaka 1954, na mji ulikua pamoja nayo. Ukiwa kwenye jengo la umri huo, au lolote la kabla ya miaka ya 1980, ukakuta vigae vigumu vidogo vya sentimita 23 kwa 23, yaani inchi 9, vimebandikwa kwa gundi nyeusi ya lami, simama hapo hapo. Vigae vya namna hiyo, gundi yake, na hata karatasi ya mgongo wa kapeti za plastiki za zamani, vinaweza kuwa na asbesto. Nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho. Zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na maradhi yake, pamoja na saratani, hujitokeza baada ya miaka mingi. Hakuna fundi anayeweza kutazama gundi nyeusi akakuambia ni salama au si salama. Maabara pekee ndiyo inayoweza.

Kwa hiyo gundi hiyo usiikwangue ikiwa kavu, usiipige msasa, na usikubali mtu aje na grinda. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Ninachowashauri wateja ni kuiacha ilale pale pale. Tandika nailoni nzito juu ya sakafu yote, kisha mwaga juu yake tabaka jipya la saruji na mchanga lenye unene usiopungua sentimita 5. Tabaka hilo halishikani na sakafu ya zamani, ndiyo maana linahitaji unene huo ili lisipasuke. Kabla hujaamua, pima mlango, kwani itabidi ukatwe chini.

Hapo ndipo mwisho wa gundi nyeusi katika mwongozo huu. Yanayofuata ni ya gundi ya maji.

Vitu viwili vya kukataa

Cha kwanza ni petroli. Jirani yake mama alikuwa amekwisha kumshauri: mwaga petroli lita mbili, subiri, fagia. Ni kweli petroli inalainisha baadhi ya gundi. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hautoki dirishani, unatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango hadi jikoni kwenye jiko la mkaa, au hadi kwenye friji inayojiwasha yenyewe. Moto hauhitaji kuwa chumba kimoja na wewe. Mafuta ya taa hayashiki moto kwa wepesi huo, lakini yanaingia kwenye saruji na kubaki humo, na saruji iliyonyonya mafuta haishiki marumaru wala niru mpya.

Ikiwa jaribio limeonyesha gundi ya viatu na huna budi kutumia tapentaini, fanya kipande cha nusu mita kwa nusu mita kwa wakati mmoja. Fungua madirisha yote, zima friji, hakikisha hakuna moto nyumba nzima, na vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke. Ukimaliza, osha sehemu hiyo kwa sabuni mara mbili.

Cha pili ni tindikali. Mafundi wa marumaru wanaitumia kusafisha mabaki ya saruji, na kwa hiyo watu hudhani inasafisha kila kitu. Gundi ya zulia haina habari na tindikali. Utakachoona kinachemka na kutoa povu ni niru yako inavyoliwa kandokando ya gundi, wakati gundi yenyewe imekaa palepale.

Zana

Ninatumia skrepa ya mkono yenye upana wa inchi 4, na nyingine ya mpini mrefu ambayo mchomeleaji wa mtaani aliniungia: kipande cha springi ya gari kilichonolewa, kikaunganishwa kwenye bomba la urefu wa mita moja na nusu. Kama huna, chepe bapa lililonolewa mdomo linatosha. Jambo ninalosisitiza kwa vijana wangu ni pembe za skrepa. Chukua tupa, uzizungushe pembe mbili za mdomo ziwe butu kidogo. Michirizi mingi kwenye niru hailetwi na makali ya mdomo. Inaletwa na pembe, mkono unapochoka na skrepa kuinamia upande mmoja.

Zaidi ya hapo unahitaji sabuni ya unga, brashi ngumu ya plastiki, ndoo tatu, magunia au mashuka makuukuu, nailoni, na nusu gunia la vumbi la mbao, ambalo seremala atakupa akifurahi kuliondoa. Vaa glavu za mpira na buti, kwa sababu sakafu yenye gundi na sabuni inateleza kuliko matope ya masika. Maji yachemshie nje.

Kazi yenyewe

Anza na mgongo wa zulia uliobaki, na uanze ukiwa mkavu. Asubuhi mapema ni wakati mzuri, kabla joto halijalegeza gundi. Kata mabaka kwa kisu yawe mikanda ya upana wa vidole vinne, inua ncha kwa skrepa, halafu vuta mkanda ukiulaza chini karibu na sakafu badala ya kuuvuta kwenda juu. Ukiuvuta juu unakatika na kuacha nyuzi. Kinachokataa kiache, maji yatakishughulikia. Kama mabaki yako ni ya kapeti la plastiki, yaani karatasi au sponji iliyoganda baada ya tabaka la juu kuchanika, hatua ni hiyo hiyo, ila karatasi kwangua baada ya kuilowanisha tu.

Sasa gawa chumba kwa miraba ya mita moja kwa moja, ukianzia kona iliyo mbali na mlango wa kutokea. Katika kila lita ya maji yaliyotoka kuchemka weka kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga. Mraba mmoja unakunywa lita mbili, mbili na nusu. Tandika gunia kwanza, ndipo umwage maji juu ya gunia taratibu. Ukimwaga kwenye sakafu tupu maji yanakimbilia ukutani, joto linapotea na gundi haijaloa. Juu ya gunia laza nailoni ili joto lisitoke. Soketi zilizo chini ukutani zikatie umeme kabla ya yote.

Subiri dakika 40. Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwani wanainua gunia baada ya dakika kumi, wanaona gundi bado ngumu, wanasema dawa haifanyi kazi. Gundi ya maji inanyonya polepole kutoka juu kwenda chini, na sehemu inayoshika saruji ndiyo ya mwisho kuloa. Usikae bure wakati huo. Baada ya dakika 20 loweka mraba wa pili, na utakapomaliza kukwangua wa kwanza wa pili uko tayari, gunia la kwanza unalihamishia wa tatu. Mimi na kijana wangu tulikwenda hivyo bila kusimama.

Unapoinua gunia utaona gundi imepauka. Laza skrepa karibu ilale, kama mtu anayepaka siagi, na sukuma kuelekea upande ambao bado ni mchafu. Ukisukuma kuelekea sehemu safi utakuwa unaipaka gundi mahali ulipokwisha kuitoa. Baada ya kila msukumo futa mdomo wa skrepa kwa kitambaa. Uji huo wa gundi unanata vibaya sana, nao ndio unaowakatisha watu tamaa. Kwa hiyo nyunyiza vumbi la mbao, konzi mbili tatu kwa mraba, kisha sukuma tena. Vumbi linanyonya maji na kuishika gundi, ule ulimbo unageuka makombo unayoweza kuyazoa kwa kizoleo. Nilijifunza hili kutoka kwa seremala aliyekuwa akisafisha meza yake, na tangu siku hiyo siingii kwenye kazi ya gundi bila gunia la vumbi.

Utando mwembamba utabaki, hasa kwenye vishimo. Rudia maji ya moto, safari hii bila gunia, nyunyiza mchanga laini uliochekechwa na usugue kwa brashi ya plastiki kwa mzunguko. Brashi ya waya iache. Kwenye niru nyekundu inakwangua rangi na kuacha alama nyeupe ambazo hakuna nta itakayozificha.

Chumba cha mita za mraba 14 kilituchukua siku mbili na nusu watu wawili, kwa maji ya moto lita 40 hivi na sabuni kilo moja. Siku ya kwanza tulimaliza miraba mitano tu, maana tulikuwa bado tunaizoea gundi. Siku ya pili tulimaliza yote iliyobaki. Nusu siku ilikwenda kwenye madoa na kuosha.

Makombo na maji machafu usiyamwage kwenye sinki wala chooni. Gundi iliyoyeyuka kwenye maji ya moto inaganda tena ndani ya bomba ikipoa. Acha ndoo zikae usiku kucha, gundi itatuama chini, maji ya juu yamimine taratibu mahali pasipo na mimea wala mtaro wa kwenda baharini, tope lianike juani likauke, na utupe pamoja na taka. Vipande vya zulia na mgongo wake usivichome. Plastiki ya aina ile ikiungua inatoa moshi wenye sumu unaochoma koo na macho.

Kuosha na kuhakiki

Sabuni iliyobaki sakafuni ni adui sawa na gundi, kwa sababu kitu chochote kipya kitashika sabuni badala ya saruji. Suuza mara mbili kwa maji safi, ukibadilisha maji kila mara yanapotoa povu. Acha sakafu ikauke siku moja, madirisha wazi. Tulifanya kazi ile mwezi wa saba, upepo wa kusi ulikuwa unapita chumbani moja kwa moja, ikakauka vizuri.

Kisha dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Kwenye saruji ya kawaida iliyo safi tone linatanuka na kuzama ndani ya dakika moja hivi. Likibaki limejikunja kama umande juu ya jani la mgomba, bado pana gundi, mafuta au nta. Kwenye niru iliyopigwa ikalainika sana tone linachelewa hata kama hakuna gundi, kwa hiyo linganisha na sehemu ambayo unajua haikuwahi kubandikwa, kwa mfano ndani ya kabati la ukutani au chini ya kizingiti. Mwisho, pitisha kiganja kitupu juu ya sakafu asubuhi na tena mchana. Utando ambao asubuhi umetulia huweza kuanza kunata jua likiwa kali.

Kile kilichokuwa mlango wa nyuma

Mama alikuwa ameshanunua kapeti la plastiki la kutandika chumba kizima. Nilimwomba aliache limekunjwa kwanza.

Sakafu nyingi za zamani hapa kwetu zimemwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, bila nailoni chini yake. Unyevu unapanda. Sakafu ikiwa wazi, unyevu huo unatoka hewani bila mtu kujua. Ukiifunika kwa plastiki, au kwa zulia lenye mgongo wa plastiki, unakwama. Maji yaliyopita kwenye saruji yamebeba ukali wa chokaa, ukali wa jamii ya magadi, na ukali huo ukikaa na gundi mwezi baada ya mwezi unaivunja. Inalegea, inanata, inanuka. Ndiyo maana vipande vya mlango wa nyuma vilinyanyuka kwa vidole, wakati vya katikati vilihitaji skrepa.

Kuhakiki ni rahisi. Sakafu ikishakauka, kata nailoni safi ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, na uiache saa 16 au zaidi, mahali pasipopigwa na jua. Niliweka tatu: moja katikati, moja kando ya ukuta wa mbele, moja mlango wa nyuma. Ziliwekwa alasiri, tukazifungua kesho yake baada ya adhuhuri.

Ya katikati ilikuwa kavu, na ya ukuta wa mbele pia. Ya mlango wa nyuma ilikuwa na matone madogo yaliyojipanga upande wa ndani, na niru chini yake ilikuwa imekolea rangi, mraba kamili, kama mtu ameupaka. Mama aliinama akaugusa kwa kidole.

"Maji haya yametoka wapi, na sisi tumeosha juzi?"

Nikamwambia ni ya chini, mama, na yalikuwepo siku zote. Nje ya mlango ule kulikuwa na bomba la kuogea watoto, maji yake yakituama ukutani kwa sababu udongo ulikuwa umejaa hadi karibu kulingana na sakafu ya ndani.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Nailoni ikitoka kavu wakati wa kiangazi haimaanishi sakafu itakuwa kavu mwezi wa pili mvua zikiwa zimeshiba ardhini. Ikitoka na maji mwezi wa saba, kama ya mama, basi hakuna haja ya kusubiri masika ikupe jibu.

Kwenye sakafu ya namna hiyo sibandiki plastiki tena, hata mteja akinisihi. Marumaru za kuchoma zinavumilia unyevu kuliko kitu chochote kinachobandikwa kwa gundi ya maji, kwa kuwa zinashikwa na saruji. Ukiamua hivyo niru lazima iparuzwe kwa tindo, alama kila baada ya sentimita tatu au nne, kwani niru laini haishiki. Ukiamua kubaki na niru, usiiguse kwa tindo kabisa.

Mama alichagua niru. Kapeti lake alilirudisha dukani kabla halijafunguliwa. Tulichimba udongo wa nje ya mlango wa nyuma ukashuka sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, tukauelekeza mtaro upande wa barabara, na bomba likahamishwa. Ndani tuliziba vishimo vilivyoachwa na skrepa za watu waliotangulia: saruji moja kwa mchanga laini mbili, ukiwa umeloanisha kishimo kwanza na kupaka maji ya saruji mazito kama uji, kisha unasawazisha kwa mwiko wa chuma, na saruji inapoanza kukaza unanyunyizia unga wa saruji uliochanganywa na rangi nyekundu na kukandamiza mpaka ung'ae. Viraka vilionekana kwa wiki chache vikiwa vimekolea kuliko sakafu iliyobaki, halafu vikaanza kufifia.

Nilipita mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaishia. Cherehani tatu zilikuwa zimepangwa, na ndala zilikuwa zinatembea na mwenyewe. Karibu na mlango wa nyuma palikuwa na mstari mwembamba wa unga mweupe, chumvi iliyobebwa na unyevu na kuachwa juu maji yalipokauka. Nikamwonyesha mama auondoe kwa ufagio mkavu kila unapotokea, asiuoshe, kwa sababu ukiuosha chumvi inayeyuka na kurudi mlemle kwenye saruji.